Tumbo la mbega na hesabu ya mabadiliko ya kimya

Mbega anaishi kwa majani. Ukimkuta juu ya mti pale Diani, kusini mwa Mombasa, au ndani ya msitu wa Kakamega, utamwona ameketi kwa saa nyingi, tumbo limemtuna kama mtu aliyetoka kula pilau ya harusi. Tumbo hilo limegawanyika vyumba. Katika chumba cha mbele majani huchachushwa na bakteria, karibu kama yanavyochachushwa ndani ya ng'ombe. Kisha mchanganyiko wote, bakteria wakiwemo, husukumwa kwenda kwenye chumba chenye asidi, na huko bakteria nao humeng'enywa. Waliomlainishia mbega majani wanageuka kuwa chakula chake.

Ili bakteria aliwe, sharti kwanza ukuta wake ubomolewe. Chombo cha kuubomoa kipo katika miili ya wanyama wengi: ni kimeng'enya kiitwacho lisozimu, ambacho Alexander Fleming alikitambua mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya penisilini. Sisi tunacho kwenye machozi, mate na maziwa, kikilinda milango ya mwili. Mbega anacho pia tumboni, kwa wingi, na huko kinalazimika kufanya kazi ndani ya asidi, kando ya vimeng'enya vinavyokata protini yoyote vinayoikuta. Mwaka 1987 Caro-Beth Stewart, James Schilling na Allan Wilson waliusoma mnyororo wa lisozimu ya languri, binamu wa mbega anayeishi Asia, wakaulinganisha na wa ng'ombe. Languri ni ndugu wa nyani, si wa ng'ombe, lakini katika nafasi kadhaa lisozimu yake ilikuwa imepata asidi amino zilezile alizonazo ng'ombe. Koo mbili zilizoachana zamani sana zilikuwa zimefika mahali pamoja kwa njia mbili.

Hapo linazuka swali ambalo makala haya yanalifuata. Tuseme hatumjui ng'ombe, na hatujui lolote kuhusu tumbo la mbega. Tunacho kitu kimoja tu: herufi za DNA za jeni ya lisozimu kutoka kwa nyani na kima mbalimbali. Je, herufi hizo peke yake zinaweza kutuambia kuwa jeni hii ilisukumwa na uteuzi asilia ibadilike, wala haikubadilika kwa bahati tu?

Kinachowezesha hata kuuliza hivyo ni uzembe fulani uliomo katika msimbo wa jeni. Herufi nne za DNA husomwa tatu-tatu, na kila kikundi cha tatu, yaani kodoni, hutaja asidi amino moja. Kodoni ni 64, asidi amino ni 20. Kwa hiyo asidi amino nyingi zina kodoni zaidi ya moja, kama mtu mwenye majina mawili matatu mtaani. Chukua kodoni AGA, inayotaja arjinini. Kila herufi yake inaweza kubadilika kuwa mojawapo ya herufi nyingine tatu, kwa hiyo AGA ina majirani tisa walio umbali wa badiliko moja. Wawili kati yao, AGG na CGA, bado ni arjinini. Mmoja, TGA, ni alama ya kusimama, na protini itakatikia hapo. Sita waliobaki hutaja asidi amino nyingine, na miongoni mwao yupo AAA, yaani lisini, jirani tutakayekutana naye tena.

Badiliko la AGA kuwa AGG halionekani katika protini. Tuliite badiliko la kimya. Badiliko la AGA kuwa AAA hubadilisha protini yenyewe, nalo tuliite la kusikika. Nakala za DNA hukosewa bila kujali kosa ni la aina gani. Uteuzi asilia ndio unaojali, nao kwa kawaida hujali lile linalosikika. Kwa hiyo mabadiliko ya kimya ni kama saa ya ukutani: yanatuonyesha makosa yangejilimbikiza kwa mwendo gani kama hakuna anayeyachuja. Mabadiliko yanayosikika tunayapima dhidi ya saa hiyo.

Huwezi hata hivyo kuyagawanya moja kwa moja, ya kusikika kumi kwa ya kimya matano, ukasema uwiano ni mbili. Majirani wa AGA wametuonyesha kwamba nafasi za kukosea kwa sauti ni nyingi kuliko nafasi za kukosea kimya. Katika jeni ya kawaida, takriban robo tatu ya nafasi zote ni za kusikika. Lazima kila idadi igawanywe kwanza kwa nafasi zake. Mabadiliko ya kusikika kwa kila nafasi ya kusikika huandikwa dN, ya kimya kwa kila nafasi ya kimya huandikwa dS, na uwiano wao, dN/dS, wengi huuandika kwa herufi ya Kigiriki ω. Masatoshi Nei na Takashi Gojobori walichapisha mwaka 1986 njia ya kuhesabu nafasi hizo ambayo mtu anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi, na bado naona ni vizuri mwanafunzi aifanye hivyo mara moja kabla hajagusa kompyuta.

ω ikikaribia 1, mabadiliko ya kusikika yanapita kwa kasi ileile ya ya kimya, kana kwamba hakuna anayeyajali. Ikiwa chini ya 1, mengi yanaondolewa kwa sababu yanaharibu. Huo ni uteuzi wa kusafisha, na jeni nyingi mno ziko hapo. Ikipita 1, mabadiliko ya kusikika yameingia upesi kuliko makosa matupu yanavyoweza kueleza, na maelezo yanayobaki ni kwamba yalipokelewa kwa sababu yalikuwa na faida. Huo ndio uteuzi chanya.

Somo darasani kwa kawaida huishia hapo, na upotoshaji huanzia hapo. ω ya jeni nzima ni wastani, tena wastani wa mara mbili: wa nafasi zote za protini, na wa muda wote tangu koo zinazolinganishwa ziachane. Protini ni kitu kinachojikunja na kushikamana. Sehemu kubwa yake ni nguzo na mihimili ambayo ukiigusa jengo linaanguka. Hata pale uteuzi chanya unapofanya kazi kwa nguvu, mara nyingi unafanya kazi kwenye nafasi chache, huku mamia ya nafasi nyingine zikilindwa zisibadilike. Ukizichanganya zote unapata 0.3, na unaandika kwamba jeni hii inasafishwa tu. Si uongo, lakini umeficha jambo lenyewe.

Austin Hughes na Nei walilionyesha hilo mwaka 1988 kwa jeni za MHC, zile zinazotengeneza protini za kushika vipande vya vijidudu na kuvionyesha kwa askari wa kinga. Hawakuipima protini nzima kwa mkupuo. Walizitenga nafasi zilizo kwenye mfereji unaoshika vipande, ambazo zilikuwa zimeshajulikana kutokana na picha ya umbo la protini hiyo, wakazipima peke yake. Ndani ya mfereji mabadiliko ya kusikika yaliyazidi ya kimya. Nje ya mfereji hali ilikuwa kinyume. Mgawanyo wao ulikuwa na nguvu kwa sababu haukutoka kwenye hesabu za dN na dS. Ulitoka kwenye umbo la protini, kabla hawajahesabu chochote.

Kwa lisozimu, tatizo kubwa ni wastani wa pili, ule wa muda. Kama tumbo la mbega ndilo lililoleta mabadiliko, basi yalitokea kwenye kipande kimoja cha historia: baada ya ukoo wa mbega na languri kuachana na kima wengine, na kabla ya mbega na languri wenyewe kuachana. Kabla ya hapo lisozimu ilikuwa ya machozi na mate. Baada ya hapo ilikuwa imeshazoea asidi, na kuibadilisha zaidi kungekuwa kuiharibu. Ukimlinganisha mbega wa leo na binadamu wa leo na kutoa uwiano mmoja, kipande hicho kifupi kinazama ndani ya mamilioni ya miaka ya utulivu. Inabidi uchore mti wa ukoo na kupima tawi moja moja.

Walter Messier na Stewart walifanya hivyo mwaka 1997. Walikadiria jeni ya lisozimu ilikuwaje kwa mababu waliokufa zamani, katika kila panda la mti, kisha wakahesabu mabadiliko kati ya babu na mjukuu. Tawi la babu wa mbega na languri lilikuwa na mabadiliko mengi ya kusikika, kama ilivyotarajiwa. Na tawi jingine likajitokeza ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta: lile linaloelekea kwa babu wa giboni, sokwe, gorila na binadamu.

Mwaka 1998 Ziheng Yang aliirudia kazi hiyo kwa njia yake. Kukadiria babu na kumchukulia kana kwamba umemwona kwa macho kuna hatari, kwa sababu babu huyo ni makisio, na makisio yana makosa yake. Yang alitumia kielelezo cha mabadiliko ya kodoni kinachopima uwezekano wa data yote kwa kujumlisha mababu wote wanaowezekana, bila kumchagua mmoja. Kwa lisozimu za nyani na kima wa spishi 24, alikadiria kwamba katika tawi linaloelekea kwetu yalitokea mabadiliko ya kusikika karibu tisa na ya kimya sifuri. Katika tawi la babu wa mbega na languri yalikuwa karibu tisa na moja.

Tisa kwa sifuri, na tisa kwa moja. Tofauti kati ya matawi haya mawili ni badiliko moja la herufi moja, lililotokea mamilioni ya miaka iliyopita na ambalo mnyama aliyelibeba hakulihisi. Lakini badiliko hilo ndilo linaloamua kesi. Tufanye hesabu yenyewe.

Lisozimu ya binadamu ina asidi amino 130, yaani herufi 390 katika jeni. Tuchukue kwamba 70 katika kila nafasi 100 ni za kusikika. Basi nafasi za kusikika ni 273 na za kimya ni 117. Kwa tawi la mbega, dN ni 9 kwa 273, sawa na 0.033. dS ni 1 kwa 117, sawa na 0.0085. Uwiano wake ni karibu 3.9, mbali kabisa juu ya 1. Kwa tawi letu dS ni sifuri, na hakuna kugawanya kwa sifuri, kwa hiyo ω haina mwisho. Programu ya Yang iitwayo codeml, iliyomo ndani ya kifurushi cha PAML, huandika 999 mahali kama hapo. Niliwahi kuona jedwali la kijana mmoja ambamo 999 zilikuwa zimejumlishwa na namba nyingine ili kupata wastani wa jeni mia mbili, na wastani huo ulikuwa wa kutisha. 999 si kipimo. Ni programu inayosema imegonga dari.

Namba 3.9 inavutia, lakini imesimama juu ya mabadiliko kumi tu. Tujiulize: kama hapakuwa na uteuzi wowote, na kila badiliko lilikuwa na nafasi 7 kati ya 10 ya kuwa la kusikika, ni mara ngapi tungepata tisa au zaidi katika kumi? Jibu ni karibu 15 katika kila mara 100. Hiyo ni bahati ya kawaida kabisa. Kwa tawi letu, kupata tisa katika tisa kwa bahati ni 0.7 ikizidishwa kwa yenyewe mara tisa, yaani karibu 4 katika 100. Wenye desturi ya mstari wa 5 katika 100 watasema tawi letu limepita na tawi la mbega limeshindwa. Uamuzi wa Yang, kwa njia yenye uzito zaidi kuliko kalamu yangu, ulikuwa huohuo: ω ya tawi letu ilizidi 1 kwa kiasi cha kuaminika, lakini ω ya tawi la mbega haikuzidi 1 kwa kiasi hicho, ingawa ilikuwa juu ya ω ya matawi mengine ya mti kwa tofauti ya kuaminika. Jianzhi Zhang, Sudhir Kumar na Nei nao walikuwa wameshaonya mwaka 1997, kwa lisozimu hizihizi, kwamba vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya hesabu kubwa havifai kwa idadi ndogo namna hii.

Sasa rudi kwenye ile 70 katika 100 niliyoipitisha haraka. Nimeitoa wapi? Kwa kuhesabu majirani wa kodoni tu, bila kujua zaidi, ningeandika 75. Lakini makosa ya DNA hayatokei kwa usawa. A huteleza kuwa G, na C kuwa T, mara nyingi kuliko miteremko mingine, na mteremko wa aina hiyo ukitokea katika herufi ya tatu ya kodoni karibu kila mara huwa wa kimya. Ukiuzingatia upendeleo huo, nafasi za kimya zinaongezeka na za kusikika zinapungua. Ukiupuuza na kubaki na 75, tisa katika tisa inapanda kutoka 4 hadi karibu 7.5 katika 100, na tawi letu nalo linashindwa. Hakuna mnyama aliyebadilika na hakuna herufi iliyoongezwa. Kilichobadilika ni dhana yetu juu ya jinsi DNA inavyokosea. Mwandishi anayetoa ω bila kueleza nafasi alizihesabu vipi ametoa nusu ya jibu.

Kwa anayetaka kuona kwa macho yake, data hii huja pamoja na PAML. Katika faili dogo lenye mifuatano saba, mbega ameandikwa hivi:

```
((Hsa_Human, Hla_gibbon),
 ((Cgu/Can_colobus, Pne_langur) #1, Mmu_rhesus),
 (Ssc_squirrelM, Cja_marmoset));
```

Alama ya `#1` inaiambia programu kwamba tawi hilo lipewe ω yake. Jina la mbega lenyewe linastahili kutazamwa: Cgu ni mbega wa guereza, yule wa Kakamega, na Can ni mbega wa Angola, ambaye licha ya jina lake ndiye huyohuyo wa Diani. Wamewekwa kwenye mstari mmoja kwa sababu mfuatano wao wa lisozimu ni mmoja. Tangu spishi hizo mbili ziachane, jeni imekaa kimya, kama tulivyotarajia kwa kimeng'enya kilichokwisha kufika kwake.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa kuendesha programu mara mbili. Mara ya kwanza ω ya tawi lenye alama inaachwa huru. Mara ya pili inafungwa kwenye 1:

```
model = 2
NSsites = 0
fix_omega = 1
omega = 1
```

Kila mara programu hutoa logi ya uwezekano. Chukua tofauti ya logi hizo mbili, izidishe kwa 2, na ikipita 3.84 unakataa kwamba ω ni 1. Ukitaka kujua kama tawi linatofautiana na mengine tu, bila kujali 1, unalinganisha na kielelezo ambamo mti mzima una ω moja. Haya ni maswali mawili, na watu huyachanganya kila siku. Tawi la mbega lilijibu ndiyo kwa swali la pili na hapana kwa la kwanza. Kwa jibu hilo peke yake, mtu mkaidi anaweza kudai kwamba lisozimu ya babu wa mbega haikusukumwa popote, ila ulinzi ulilegea, makosa yakapenya. Ulegevu hupandisha ω kuelekea 1. Hauwezi kuivusha 1, lakini kwa mabadiliko kumi hatuwezi kuapa kwamba 1 imevukwa.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwenye matokeo ya programu. Tawi la mbega lilichaguliwa kabla ya kuhesabu, kwa sababu ya tumbo. Tawi letu lilionekana baada ya kutazama. Mti usio na mzizi wa spishi 24, ukigawanyika wawili-wawili kila panapo panda, una matawi 45. Ukipima matawi 45 yasiyo na uteuzi wowote kwa mstari wa 5 katika 100, unatarajia mawili hivi yavuke kwa bahati. Kwa hiyo tawi lililopita mtihani ndilo ambalo mtihani wake ulikuwa mwepesi zaidi, na lililoshindwa ndilo tulilokuwa na sababu ya kulipima. Sisemi tawi letu ni la uongo. Nasema 4 katika 100 yake si sawa na 4 katika 100 ya tawi lililotajwa mapema.

Hizo ni shida za data safi. Data chafu ina zake, na kubwa kuliko zote ni upangaji wa mifuatano. Ili kulinganisha kodoni, lazima kodoni ya mbega ikae chini ya kodoni ileile ya binadamu. Herufi moja ikipotea kwa kosa la usomaji, na programu ikaacha pengo mahali pasipo, kila kitu kinachofuata kinasogea. Tazama kipande hiki cha mfano, mstari wa chini ukiwa umepoteza G ya kwanza tu:

```
GCA AGA TTC CTG
CAA GAT TCC TG-
```

Herufi zinazofuata ni zilezile, lakini kodoni ya arjinini sasa imekaa juu ya kodoni ya asidi aspatiki, na kila safu inaonekana kubadilika kwa sauti kubwa. Kodoni kumi za namna hii zinatosha kuizalishia jeni tulivu uteuzi chanya wa kuvutia. Jinsi ya kutambua: ukiona mabadiliko ya kusikika yamerundikana bega kwa bega katika mnyama mmoja tu, na hasa karibu na pengo au mwisho wa kipande, usiandike makala bado. Fungua upangaji uutazame kwa macho. Njia ya kujikinga ni kupanga kwanza mifuatano ya asidi amino, kisha kurudisha kodoni juu ya mpangilio huo, na kukataa mfuatano wowote wenye alama ya kusimama katikati.

Mrundikano mwingine una chanzo cha kweli lakini bado unadanganya. Wakati mwingine herufi mbili jirani hubadilika kwa kosa moja. Vielelezo vya kawaida vya kodoni haviruhusu hilo, kwa hiyo huliona kama makosa mawili yaliyofuatana haraka kwenye kodoni moja, na ndani ya tawi fupi maelezo rahisi yanayobaki kwao ni uteuzi. Aarti Venkat, Matthew Hahn na Joseph Thornton walionyesha mwaka 2018 kwamba ishara nyingi za uteuzi chanya katika kipimo maarufu kinachochanganya tawi na nafasi zilitegemea kodoni za namna hiyo. Dawa yake si ngumu: ziondoe kodoni zenye mabadiliko zaidi ya moja, endesha upya, uone kama kesi bado imesimama.

Umbali nao una mipaka yake. Ukilinganisha viumbe walioachana zamani mno, kila nafasi ya kimya imeshabadilika mara kadhaa, na saa ya ukutani imezunguka hujui mara ngapi. dS inakadiriwa vibaya, na ω inaharibika nayo. Kwa kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kumlinganisha na ndugu wa mbali ni kazi bure. Anayefaa ni Plasmodium reichenowi wa sokwe, aliye karibu kiasi cha mabadiliko ya kimya kuhesabika.

Ukaribu kupita kiasi ni mtego pia, na mtego huu nauona mara nyingi katika kazi za malaria na virusi kutoka ukanda wetu. Mtu anakusanya sampuli za P. falciparum kutoka kwa wagonjwa wa wilaya moja, anasoma jeni ya protini ya juu ya kimelea, anapiga dN/dS kati yao, anapata 0.8 au 1.4, kisha anatafsiri kana kwamba ni mbega na binadamu. Lakini tofauti kati ya vimelea vya wilaya moja hazijawa mabadiliko ya kudumu ya ukoo. Nyingi ni makosa ya jana ambayo uteuzi haujapata muda wa kuyafuta, kwa hiyo ω inapanda bila faida yoyote. Na badiliko lenye faida kubwa husambaa upesi hadi kila kimelea kiwe nalo, kwa hiyo halionekani kama tofauti, na ω inashuka. Sergey Kryazhimskiy na Joshua Plotkin walilifafanua hili mwaka 2008: ndani ya kundi moja la spishi moja, hata uteuzi chanya wenye nguvu unaweza kutoa ω iliyo chini ya 1. Kwa sampuli kama hizo kuna kipimo kingine, cha John McDonald na Martin Kreitman cha mwaka 1991, kinacholinganisha uwiano wa ya kusikika na ya kimya ndani ya spishi na uwiano huohuo kati ya spishi. Kinahitaji ndugu wa karibu, na hapo P. reichenowi anarudi kazini.

Nirudi kwa mbega na yule mkaidi wetu wa ulinzi uliolegea. Anayemjibu ni ng'ombe, kwani ω haiwezi. Ulinzi ukilegea, makosa hupenya kila upande. Hayaendi kuangukia nafasi zilezile na asidi amino zilezile ambazo ukoo wa ng'ombe ulizipata kivyake. Tena mengine ya mabadiliko hayo yanaelekea upande unaoeleweka. Lisozimu za tumboni zimepunguza arjinini, na mara nyingi arjinini imeipisha lisini: ni hatua ileile ya AGA kuwa AAA, herufi moja tu. Arjinini inashambuliwa kirahisi na diasetili, kemikali inayotokana na uchachushaji, na kimeng'enya kinachoishi jirani na chungu cha kuchachushia kina sababu ya kuiepuka. Kimeng'enya hicho pia kinafanya kazi vizuri katika asidi kali kuliko kile cha machozi, na hilo linapimika maabara. Kwa ushahidi huo, mimi naamini uteuzi chanya katika tawi la mbega kuliko katika tawi letu, ingawa ω inasema kinyume.

Kwa tawi letu tuna tisa kwa sifuri, kipimo kilichopita mstari, na kimeng'enya kilichobadilika kabla ya babu wa giboni na binadamu. Hatuna tumbo la vyumba, hatuchachushi majani, na hakuna ng'ombe wa kulinganisha naye. Mabadiliko hayo tisa bado yamo ndani ya kila chozi, na herufi zake hazisemi yalikuja kufanya nini.